Jina la Biashara Lisilogongana na la Mwingine

Tuseme mama anayesaga viungo Morogoro anatafuta jina la biashara. La kwanza kumjia ni "Viungo Bora". Jina hilo linaeleza bidhaa tu. Kila msagaji anaweza kusema vyake ni bora, na sheria ya alama za biashara haimpi mtu mmoja maneno ambayo wote wanayahitaji kusifia mali zao.

Anafikiria "Thamani". Hapa tatizo ni masikio. Wengi hutamka "th" kama "s", kwa hiyo mteja aliyetajiwa jina kwa simu ataandika "Samani" na kukutana na picha za makochi. Majina yenye "dh", "gh" au "r" na "l" zinazokaribiana yana mtego huohuo. Njia ya kulipima ni rahisi: mpigie mtu simu, litaje jina mara moja bila kumsomea herufi, umwombe akutumie kwa meseji. Rudia kwa watu wa mikoa mbalimbali. Wakiliandika tofautitofauti, liache, hata kama umelipenda.

Mwishowe anachagua "Tipitipi", jina la ndege. Halielezi viungo, na linaandikwa kama linavyosikika. Sasa limeshatumika?

Tanzania Bara majibu yako BRELA, kwenye mfumo wake wa mtandaoni, ORS. Atafute neno lenyewe, bila "Enterprises" wala "Limited", kwa kuwa viambatisho hivyo havilitenganishi jina na jingine. Kisha ajaribu "Tipi Tipi" na "Tippitippi", maana linalofanana kwa sauti linaweza kukataliwa hata kama herufi zinatofautiana.

Wengi huishia kwenye majina ya biashara. Hilo linanisikitisha, kwa sababu kampuni zina daftari lake na alama za biashara zina lake. Cheti cha jina la biashara hakikupi umiliki wa jina hilo. Mwenye alama iliyosajiliwa anaweza kukuzuia hata baada ya miaka ya kuuza.

Alama husajiliwa kwa madaraja, nayo yako 45. Viungo viko daraja la 30, pamoja na chai na kahawa. Akimkuta mtu mwenye "Tipitipi" ya nguo, kwa kawaida wanaweza kwenda sambamba, isipokuwa alama hiyo iwe maarufu sana. Akimkuta muuza chai, atafute jina jingine. Na kama atauza Zanzibar, usajili wa Bara haumlindi huko. Akaangalie pia BPRA, wakala wa usajili wa visiwani.

Kutafuta jina na kulikuta huru hakumaanishi kwamba limeshikiliwa kwa ajili yake. Mwingine anaweza kuliombea kesho yake. Kwa hiyo apeleke maombi mara moja, na mifuko yenye nembo aiagize cheti kikishatoka.