Kwa Nini Mji wa SimCity Haurudi kwa Siku Moja

Meya mgeni katika mchezo wa SimCity akiona watu wanahama, hushusha kodi. Akisubiri kidogo bila kuona dalili, anaishusha tena. Watu wanapoanza kurudi, hazina imeshakauka.

Mchezo huo wa Will Wright ulitoka mwaka 1989, na mwaka 2008 msimbo wake ukawekwa hadharani kwa jina la Micropolis. Ukiusoma unaona kwamba ukaidi wa mji umewekwa kwa makusudi. Mahitaji ya nyumba ni namba moja tu, `resValve`, isiyovuka 2000 juu wala -2000 chini. Mchezo hauiandiki upya kila unapokokotoa. Huiongezea au kuipunguza kidogo, kama maji kwenye pipa.

Tuseme mji una wakazi 1000 kwa kipimo cha mchezo, lakini kazi ni 900. Ajira ni 0.9, kwa hiyo 100 wanahama. Uzazi ni asilimia 2, yaani 20. Wanaotarajiwa kubaki ni 920, na uwiano wake kwa waliopo ni 0.92. Hapo ndipo fomula inaingia:

```
(0.92 - 1) * 600 + kodi
```

Katika kiwango rahisi, kodi ya asilimia 7 haiongezi wala kupunguza, kwa hiyo pipa linapoteza 48 kila mzunguko. Kodi ya asilimia 5 inaongeza 50. Jibu linakuwa 2: meya amesimamisha uvujaji, basi. Kama pipa lilikuwa limeshafika -1500, hata viwanda vikipanda na kazi zikawa 1100, huku kodi ikirudi asilimia 7, litajaa kwa 72 kila mzunguko. Mizunguko 20 itapita na namba bado itakuwa chini ya sifuri. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, maana mtu halisi naye hafungi virago siku kodi ilipopanda.

Furaha ya wananchi nayo haikurupuki. Alama ya mji, kati ya 0 na 1000, ni wastani wa alama ya zamani na hali ya sasa. Mji wa alama 800 ukiharibika hadi hali ya 200, alama inasoma 500, kisha 350, kisha 275. Halafu zinapigwa kura 100 kuhusu meya, kila moja kwa bahati nasibu inayofuata alama hiyo. Kwa 275, tegemea kura kama 27 za ndiyo, leo 24, kesho 31.

Hapo kuna udhaifu: alama hii haiingii katika `resValve`. Wananchi wanaweza kumkataa meya kwa wingi wa kura huku wenzao wakiendelea kuhamia, mradi kazi zipo.