Alisema, alidai, anadaiwa

Kitenzi "sema" ndicho kisichoegemea upande wowote katika habari. Mwandishi anayeandika "mlinzi alisema mlango ulikuwa wazi" anathibitisha jambo moja tu, kwamba maneno hayo yalitamkwa. Wahariri wengi huchoshwa na "alisema" inayojirudia, wakaweka "alibainisha" au "alifichua" ili kupamba lugha. Hapo maana imeshahama, kwa sababu hakifichuliwi kisichokuwapo: gazeti limekubali kwamba mlango ulikuwa wazi. "Alikiri" huzidi hapo, maana humbebesha msemaji kosa.

"Dai" huelekea upande mwingine. Mtu humdai mwenzake fedha, na wafanyakazi hudai mishahara. Anayedai bado hajapata. Hali hiyo ya kusubiri huingia nayo katika habari. "Mlinzi alidai mlango ulikuwa wazi" humwachia msomaji shaka, hata kama mwandishi hakuikusudia.

Tuseme mtunza ghala amefikishwa mahakamani kwa wizi wa mifuko 40 ya saruji. "Aliiba mifuko 40" ni hukumu iliyotolewa kabla ya hakimu. "Anadaiwa kuiba mifuko 40" ni sahihi, lakini umbo hilo la kutendwa humficha anayedai, kwa hiyo ni bora kuongeza "kwa mujibu wa hati ya mashtaka". Shaka nayo iwekwe mahali pake. "Anadaiwa kukamatwa" haina maana ikiwa polisi wamemkamata na amesimama kizimbani. Kinachobishaniwa ni wizi. Wala "mwizi huyo anadaiwa kuiba" haimwokoi mtu, kwani nomino imeshamtia hatiani kabla kitenzi hakijafika. Aitwe mshtakiwa. "Mtuhumiwa" humfaa anayeshukiwa ambaye bado hajafunguliwa mashtaka.

Kosa gumu zaidi kuliona hutokea pande mbili zinapozungumza. Habari husema: "Mwendesha mashtaka alieleza kuwa mifuko ilitolewa usiku. Mshtakiwa alidai kuwa usiku huo alikuwa msibani." Hakuna neno la uongo hapo, lakini upande mmoja umepewa maelezo na mwingine umepewa madai, ilhali hakuna uliokwisha kuthibitisha chochote. Njia ya kulibaini ni kubadilishana vitenzi: mwendesha mashtaka adai, mshtakiwa aeleze. Habari ikigeuka na kuonekana kumtetea mshtakiwa, basi ile ya kwanza ilikuwa ikimkandamiza. Dawa yake ni "alisema" kwa wote wawili.

Katika mazungumzo, "eti alikuwa msibani" hutangaza waziwazi kutoamini. Gazeti haliandiki "eti", lakini "alidai" iliyowekwa upande mmoja tu hufanya kazi ileile kwa sauti ya chini.

Hukumu ikitoka, vitenzi hubadilika. Akitiwa hatiani, huandikwa "amepatikana na hatia ya kuiba", na "anadaiwa" huondoka. Akiachiwa huru, huandikwa kwamba alishtakiwa kwa wizi na mahakama ikamwachia, na taarifa hiyo ya pili haitenganishwi na ya kwanza kila kesi inapotajwa tena.