Mita Nane za Kanda ya Baba

Usiku wa matanga ya Baba, Januari 2019, mtu alikumbuka kuwa ndani ya nyumba ya Machame kulikuwa na kanda ya Krismasi ya mwaka 1993. Deki ilitolewa juu ya kabati, ikafutwa vumbi kwa kitambaa, ikaunganishwa na runinga. Tuliangalia kwa dakika sita. Mama akasema zimeni, tukazima. Kanda ikatolewa hivyo hivyo bila kurudishwa nyuma, nikaibeba hadi Dar es Salaam ndani ya mfuko wa nailoni.

Mwaka jana ukoo ulipokubaliana kukutana Desemba, shangazi yangu alinipigia simu akasema, "Mwanangu, kanda ya baba yako unayo wewe. Tunataka kumwona Bibi." Nikaitoa. Kupitia kidirisha cha plastiki, ukingo wa kanda ulikuwa na kitu cheupe kama unga wa muhogo. Ulikuwa ukungu. Mfuko wa nailoni niliodhani unailinda ndio uliofungia ndani unyevu wa Dar.

Ilikuwa kanda ndogo ya kamera, aina ya VHS-C, ya dakika 30. Ili icheze kwenye deki ya kawaida huwekwa kwanza ndani ya kasha lenye umbo la kanda kubwa, na kasha hilo hutumia betri moja ya AA kuvuta utepe hadi mahali pake. Baba aliinunua kamera hiyo wakati Tanzania Bara ikiwa bado haina kituo hata kimoja cha televisheni. Vituo vya kwanza vilianza 1994. Wenye runinga walikuwa nayo kwa ajili ya deki.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee Kariakoo. Aliitazama kwenye mwanga, hakuifungua. "Dada, hii usiiweke kwenye deki yoyote," akasema. "Ukungu ukiingia kwenye kichwa cha deki, kanda inayofuata nayo inaupata. Na uchafu wenyewe unakwaruza." Akaniagiza kwanza niikaushe: wiki mbili ndani ya chombo chenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukungu mbichi ukifutwa hupakaa kama siagi. Ukikauka hugeuka vumbi, na vumbi hufutika. Niliporudi alivaa barakoa, akaupitisha utepe taratibu katikati ya kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kwenye deki mbovu aliyoitenga kwa kazi hiyo tu. Kitambaa kilitoka kijivu. Akakibadilisha mara nne.

Ndipo tukaicheza kwenye deki nzima, baada ya yeye kusafisha vichwa vyake kwa spiriti safi na ngozi laini. Hakutumia pamba ya masikio, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye kichwa na kukivunja. Picha ilikuja. Bibi, kigoda, ndizi za kumenya, moshi wa jikoni. Na juu ya vyote, mambo mawili mabaya. Kwanza ni vijistari vyeupe vifupi vilivyorukaruka huku na huko kama mvua ya mawe. Pili ni mstari mmoja uliolala, theluthi moja kutoka juu ya picha, usiosogea kabisa. Baba alikuwa akitembeza kamera, kwa hiyo vitu vilipita chini ya mstari huo kimoja kimoja: mgomba, mlango, bega la baba mdogo, macho ya Bibi.

Mimi ningeviita vyote chenga. Fundi aliniambia ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu lingine.

Ili kuona kwa nini, inabidi kujua picha inakaaje kwenye kanda. Haikai kama kwenye filamu ya sinema, picha moja baada ya nyingine, ambazo ungeweza kuziinua kwenye jua ukaziona. Ndani ya deki mna silinda inayozunguka mara 1,500 kwa dakika ikiwa na vichwa viwili vidogo sana ubavuni. Kanda huizungukia kwa mshazari. Kila kichwa kikipita, huchora njia moja ya sumaku iliyoinama, ya urefu wa karibu sentimita kumi, nyembamba kuliko unywele. Njia moja ni nusu ya picha, yaani nusu ya mistari yake. Njia mbili ni picha kamili, na kila sekunde hupita picha 25. Upande wa chini wa njia moja ni ukingo mmoja wa picha, na upande wa juu ni ukingo wa pili.

Sasa chukua chembe ya mchanga, iache imekwama kwenye nguzo inayoongoza kanda, kisha cheza. Chembe inachimba mfereji kwa urefu wa kanda. Mfereji huo unazikata njia zote za mshazari, kila moja mahali pale pale. Kwenye runinga unaonekana kama mstari uliolala, kwa kimo kile kile, muda wote mfereji unapoendelea. Kwenye filamu ya sinema mkwaruzo wa namna hiyo husimama wima. Kwenye kanda ya video hulala. Vijistari vinavyorukaruka ni kitu kingine: ni mahali padogo ambapo unga wa sumaku umebanduka, au ambapo kipande cha vumbi kimeinua kichwa kwa nukta ya sekunde.

Nilihesabu. Mstari ulianza sekunde chache baada ya kanda kuanza, ukakoma dakika ya sita. Baada ya hapo picha ilikuwa safi, ukiacha vile vijistari. Kanda ya VHS huenda kwa mwendo wa sentimita mbili na kidogo kwa sekunde, na kwa dakika sita hiyo ni zaidi kidogo ya mita nane. Mita nane ndizo tulizoangalia usiku ule wa matanga. Mkwaruzo ulikoma pale Mama aliposema zimeni. Mchanga wa Machame ulikuwa umekaa ndani ya deki ile miaka mingi, na kile kitambaa chetu kilifuta kifuniko cha nje tu.

Niliketi pale kwenye kibenchi cha fundi nikashindwa kusema. Yeye akaniuliza swali ambalo lingepaswa kunijia mimi: "Hakuna nakala nyingine? Hata mbaya?"

Ilikuwepo. Mwaka 2006 Baba alipeleka kanda zake kwenye duka moja zikatiwa kwenye DVD. Waliminya kanda nyingi mno kwenye diski moja, na picha ilitoka imejaa miraba, hasa mtu anaposogea, kama inayotazamwa kupitia kioo cha bafuni. Sote tuliidharau ile diski. Lakini ilitengenezwa kabla ya 2019. Haina mkwaruzo.

Kazi ikawa hivi. Kwa vile vijistari, tuliicheza kanda mara tatu tu, maana kila kuicheza ni kuichosha, na kila mara tukaiingiza kwenye kompyuta kwa mbano usiopoteza chochote cha picha. Nusu saa ya kanda ilichukua karibu gigabaiti 15. Uchafu hauchezi mahali pamoja mara zote tatu. Kwa hiyo nakala zinapangwa sambamba, picha kwa picha, na kwa kila nukta programu inachukua thamani ya katikati kati ya tatu. Nakala moja ikisema "nyeupe" na mbili zikisema "kijani cha mgomba", nyeupe inashindwa. Nakala zikipishana hata kwa picha moja, Bibi anakuwa na mikono minne. Ilinitokea, nikaanza upya. Baadhi ya vijistari vilibaki baada ya hapo. Hivyo ni vile ambavyo unga umebanduka kweli, na pengo lake hujazwa kwa kuazima kwenye picha iliyotangulia au inayofuata, kwa kuwa kijistari cha namna hiyo hakirudi mahali pamoja kwenye picha ya jirani.

Mkwaruzo hauazimi hivyo. Picha iliyotangulia nayo imekatwa pale pale. Kilichobaki ni mistari iliyo juu na chini yake: unaipaka ikutane katikati. Mkwaruzo wetu ulikula mistari mitano kati ya 576. Kwenye ukuta, kwenye jani la mgomba, kwenye shati, hukuweza kujua kama paliwahi kuguswa. Kwenye uso wa Bibi programu ilifanya kile kile ilichofanya kwenye ukuta. Kope ya juu ikakutana na shavu. Jicho halikuwepo, na mahali pake palikuwa na ngozi laini. Nilifunga kompyuta.

Kesho yake nikaenda kwenye DVD. Kulikuwa na picha kama 1,400, chini kidogo ya dakika moja, ambapo mstari unapita machoni pa mtu. Nilitafuta pa kuzioanisha: Bibi anatupa ganda kwenye ndoo, na ganda linagusa ukingo. Nikalinganisha rangi, kwa sababu ya DVD ilielekea wekundu. Kisha nikakata utepe wa mistari tisa tu, nikalainisha kingo zake, nikauweka juu ya jeraha. Macho hayo hayana ukali wa picha iliyoyazunguka. Ukijua pa kutazama, unaona ukungu mwembamba unaopita usoni. Lakini ni macho yake, yalivyokuwa siku ile, hayakubuniwa na mtu. Pale ambapo hata DVD ilikuwa miraba mitupu niliuacha mstari kama ulivyo.

Sauti nusura niiharibu. Kwenye kanda ya Baba sauti imeandikwa kwenye njia nyembamba ukingoni, na ukingo ndio uliokuwa na ukungu, kwa hiyo palikuwa na mvumo kama wa kukaanga. Unachagua mahali pasipo na maneno, unaionyesha programu mvumo wenyewe, nayo inautoa kote. Niliutoa wote. Palikuwa kimya kizuri. Nikasikiliza mara ya pili kwa vifaa vya masikioni, nikagundua kuwa kuna kingine kilichoondoka. Baba hayumo kwenye picha hata moja ya kanda ile, alikuwa nyuma ya kamera, na kipaza sauti kilikuwa karibu na uso wake. Kabla sijaisafisha, alisikika akipumua. Alikuwa amepanda kutoka mtoni na kamera begani. Kwa programu, pumzi na mvumo ni kitu kimoja. Nikarudisha sauti ya asili, nikapunguza mvumo kwa theluthi moja tu, nikauacha uliobaki.

Tarehe 26 Desemba tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba, watoto wakaketi mbele kwenye mkeka, mbege ikapita nyuma. Shangazi aliita majina ya waliomo kadiri walivyotokea. Bibi alipoinua uso kutoka kwenye ndizi akatazama kamera, shangazi alinyamaza.

Mimi nilikuwa nikitazama saa ya kompyuta. Dakika ya tano na nusu. Dakika ya sita. Nikageuka kumwangalia Mama, na mkono wangu ukawa tayari juu ya kitufe.

"Acha," akasema. "Iendelee."