Dawa ya Fosfati kwa Paka Asiyetaka Kula

Figo za paka mzee zikichoka, fosforasi iliyokuwa ikitoka kwa mkojo hubaki kwenye damu. Mwili ukipambana nayo huishia kunyonya madini ya mifupa, na figo zilizobaki huharibika upesi zaidi. Ndiyo maana daktari wa mifugo huagiza chakula maalumu cha figo, chenye fosforasi kidogo, na baadaye dawa ya kuinasa ile inayobaki.

Dawa hiyo haiingii kwenye damu kwenda kuwinda fosforasi. Hufanya kazi tumboni, ikiinasa iliyomo kwenye chakula ili itoke na kinyesi. Kwa hiyo paka asipokula, dozi ya mlo huo haina kazi.

Tuchukue paka wa kilo 4 aliyefika hatua ya nne, ya mwisho, ya ugonjwa huu. Fosforasi yake ni miligramu 7.5 kwa desilita ya damu. Katika hatua hiyo madaktari hulenga ishuke chini ya 6. Haidroksidi ya alumini huanzia kama miligramu 30 kwa kila kilo kwa siku, yaani 120 kwa paka huyu: 60 asubuhi, 60 jioni. Unga wake usio na ladha huchanganywa na chakula chenyewe. Baada ya wiki nne hivi damu hupimwa tena, ndipo dozi ipandishwe au iachwe ilivyo. Dawa hii hufunga choo, na ikizidi kwa muda mrefu paka hulegea misuli.

Usikimbilie dawa za kiungulia za dukani. Nyingi zina magnesiamu pia, na figo mbovu haziwezi kuitoa. Zile za kalsiamu nazo zinaweza kupandisha kalsiamu ya damu kupita kiasi.

Lakini paka wetu ananusa bakuli, analamba midomo, anaondoka. Hicho ni kichefuchefu, si deko. Kitibiwe kwanza: maropitanti hutuliza kutapika, mitazapini huamsha hamu ya kula. Kumletea chakula cha figo akiwa bado anaumwa tumbo ni kosa kubwa, maana atakihusisha na ugonjwa na kukikataa moja kwa moja. Akipata nafuu, kichanganywe kidogokidogo na alichozoea kwa wiki kadhaa, kikiwa vuguvugu ili kinukie.

Kwetu alichozoea mara nyingi ni dagaa, na dagaa huliwa na mifupa yake, palipojaa fosforasi. Minofu ya kuku isiyo na mfupa ni afadhali, ingawa peke yake si mlo kamili.

Paka akigoma kula kabisa siku mbili, mrudishe kwa daktari, kwa kuwa mafuta yanaweza kujaa kwenye ini. Na akikataa katakata chakula cha figo, mpe anachokubali, kilichochanganywa na dawa. Chakula bora kilichobaki bakuli hakimsaidii.