Kuhama Outlook kwenda Thunderbird: Kinachokufuata na kile utakachojenga upya

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha kutoa masasisho ya usalama kwa Outlook 2016 na Outlook 2019. Ofisi ndogo ambayo bado inategemea matoleo hayo inabidi iamue: kulipia toleo jipya au kuhamia programu nyingine. Thunderbird ni ya bure, na ndiyo inayotajwa kwanza watu wanapotafuta mbadala. Tatizo huanza pale mtu anapofuta Outlook kwanza, halafu ndipo aanze kuulizia barua zake za miaka iliyopita.

Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala wa forodha pale Mombasa yenye kompyuta moja na anwani mbili za barua pepe. Ya kwanza ni ya Gmail. Ya pili ni ya jina la kampuni, iliyofunguliwa zamani na fundi aliyewatengenezea tovuti. Zote mbili zinasomwa ndani ya Outlook na kwa macho zinafanana. Siku ya kuhama, tofauti yao ndiyo itakayoamua kazi itakuwa ya dakika kumi au ya siku nzima.

Barua zako zinakaa wapi?

Kabla ya kugusa chochote, fungua Outlook, nenda `File`, kisha `Account Settings`, halafu `Account Settings` tena. Utaona orodha ya anwani zako, na kando ya kila moja aina yake. Penye `IMAP`, barua zinakaa kwenye seva na Outlook ilikuwa dirisha tu la kuzitazamia. Penye `POP`, barua huteremshwa na kuwekwa ndani ya kompyuta yako, kwenye faili lenye mwisho wa `.pst`. Ukibofya `Data Files` hapo hapo utaonyeshwa faili hilo liko wapi.

Katika mfano wetu, Gmail ni ya `IMAP`. Hiyo haina shida. Ukiandika anwani ndani ya Thunderbird, yenyewe itatafuta mipangilio ya seva, itafungua ukurasa wa Google wa kuingilia, na folda zote zitajitokeza, zikiwemo barua ulizotuma. Nenosiri utaandika mwenyewe. Muda unaohitajika ni ule wa intaneti kuteremsha barua.

Anwani ya kampuni ni ya `POP`, na hapo ndipo penye mali. Barua zilizotumwa kwa wateja, hati za mizigo na makubaliano ya bei vyote vimo ndani ya lile faili la `.pst`. Thunderbird haiwezi kulifungua faili hilo yenyewe. Huiomba Outlook ilisome kwa niaba yake. Ndiyo maana Outlook haifai kufutwa mpaka kazi iishe.

Kuhamisha faili la zamani

Kwanza nakili faili la `.pst` kwenye diski ya nje, Outlook ikiwa imefungwa. Kisha hakikisha Outlook ndiyo programu ya barua iliyochaguliwa kwenye Windows, chini ya `Default apps`. Ndani ya Thunderbird bonyeza kitufe cha `Alt` ili menyu ionekane, uingie `Tools`, kisha `Import`, na uchague Outlook. Barua zitaingia pamoja na folda zake, chini ya `Local Folders`.

Ikiwa Thunderbird haiioni Outlook, mara nyingi sababu ni mojawapo ya mbili. Huenda moja ni ya biti 32 na nyingine ya biti 64. Zinapaswa kulingana, kwa hiyo sakinisha Thunderbird inayofanana na Outlook uliyo nayo. Au huenda unatumia ile Outlook mpya ya Windows, ambayo haina mlango huo wa kuzungumza na programu nyingine. Inatakiwa ile ya zamani.

Ikishindikana kabisa, iko njia ya kuzunguka. Ndani ya Outlook, buruta folda za `.pst` uziweke kwenye anwani ya Gmail, usubiri zipande kwenye seva, halafu uzichukue kwa upande wa Thunderbird. Angalia nafasi kwanza, maana Gmail ya bure ina GB 15 tu, na hizo hugawanywa na picha na mafaili mengine uliyohifadhi Google.

Ukimaliza, usiridhike kwa kutazama tu. Outlook huonyesha chini ya dirisha idadi ya barua kwenye kila folda, na Thunderbird pia huonyesha jumla yake. Linganisha folda kwa folda, hasa ile ya barua zilizotumwa. Ukiona barua za karibuni ziko mara mbili, usishtuke. Outlook ilikuwa ikiacha nakala kwenye seva, na Thunderbird imezichukua upya ulipofungua anwani ya `POP`.

Majina ya wateja yanaweza kuingia kwa njia hiyo hiyo ya `Import`. Yasipoingia, yatoe Outlook kama faili la `CSV` kisha uyaingize kwenye kitabu cha anwani, ukihakikisha kila safu imeelekezwa mahali pake, isije nambari ya simu ikakaa penye jina. Makundi ya majina hayatoki na faili la `CSV`. Hayo utayaunda tena. Kalenda nayo fungua ndani ya Outlook, chagua `Save Calendar`, weka kipindi chote na maelezo kamili, upate faili la `.ics` ambalo Thunderbird inalisoma.

Kinachopotea kimyakimya

Barua ikikosekana utaiulizia siku hiyo hiyo. Lakini kanuni za kupanga barua, zile zinazoitwa `Rules` kwenye Outlook, hazitoi kelele zikipotea. Outlook inaweza kuzitoa kama faili la `.rwz`, ila Thunderbird hailielewi.

Turudi kwa wakala wetu. Alikuwa na kanuni inayochukua kila taarifa ya meli kuwasili na kuiweka kwenye folda moja, ambayo karani huifungua kila asubuhi. Baada ya kuhama, folda ipo na barua za zamani zimo, lakini hakuna mpya inayoingia. Zote zinaangukia `Inbox`, katikati ya matangazo. Karani anaona folda imetulia, anadhani hakuna meli. Kontena linakaa bandarini, siku za bure zinaisha, na gharama zinaanza kuhesabiwa.

Kwa hiyo, Outlook ikiwa bado ipo, fungua `Manage Rules & Alerts` na uandike kila kanuni kwenye karatasi: inatazama nini, inafanya nini, na ipi inatangulia. Kisha zijenge ndani ya Thunderbird kwenye `Tools`, halafu `Message Filters`. Chagua anwani sahihi pale juu, kwani kichujio cha anwani moja hakigusi barua za nyingine. Kijaribu kwa `Run Now` juu ya barua zilizomo tayari `Inbox`. Zikihama kwenda folda uliyokusudia, kimekaa sawa.

Saini ya mwisho wa barua nayo haihami, ila huhitaji kuichapa upya. Iko kwenye folda hii:

```
%APPDATA%\Microsoft\Signatures
```

Nakili faili la `.htm` pamoja na folda ya picha zake, uziweke mahali pa kudumu, kisha ndani ya `Account Settings` ya Thunderbird uchague saini itoke kwenye faili hilo. Rangi za makundi ulizopaka barua ndani ya Outlook utazipaka upya kwa mkono.

Acha Outlook kwenye kompyuta kwa mwezi mmoja, bila kupokea barua kupitia kwake. Kazi za mwisho wa mwezi zikipita na hakuna aliyelazimika kuifungua, hapo ndipo uifute. Ile nakala ya `.pst` kwenye diski ya nje ibaki.