Mteja Mpya Umempata kwa Shilingi Ngapi?

Tuchukue mfano wa duka la gesi Tabata, Dar es Salaam, linalopeleka mitungi majumbani kwa boda. Mwezi uliopita mwenye duka aliamua kutafuta wateja. Alichapisha vipeperushi na kumlipa kijana wa kuvigawa, jumla shilingi 200,000. Tangazo la Instagram lilimla 150,000. Kila aliyejaza gesi kwa mara ya kwanza alipunguziwa 2,000, na waliandikwa 50, kwa hiyo punguzo lilifika 100,000. Jumla kuu ni 450,000. Ukigawanya kwa 50, kila mteja kagharimu 9,000.

Hesabu hiyo inapendeza, ila ina tundu. Kijana wa dukani alipolinganisha namba za simu na daftari la zamani, alikuta 14 kati yao ni wateja wa siku nyingi waliojipatia punguzo. Wapya hasa ni 36, na gharama ya kila mmoja ni 12,500.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mtungi mmoja anauuza 25,000, na familia ya kawaida hujaza kila baada ya wiki tano, yaani kama mara kumi kwa mwaka. Hapo wengi huandika kwamba mteja ana thamani ya 250,000, wakajiona wametajirika. Hizo ni pesa za mauzo, na sehemu kubwa inarudi kwa wakala. Ukitoa 21,500 ya kununulia gesi na 1,000 ya boda, mkononi inabaki 2,500. Maana yake mteja lazima ajaze mara tano ndipo arudishe fedha iliyotumika kumleta. Mara ya tano inaangukia wiki ya 20 tangu aliponunua mara ya kwanza, na muda wote huo duka linadai.

Na si wote wanaofika huko. Kati ya wale 36, tuseme 12 walifuata punguzo tu, wasionekane tena. Faida ya mwaka ya kundi zima, wakiwemo hao, ni 630,000, sawa na 17,500 kwa kila mteja. Toa 12,500: zinabaki 5,000, na kodi ya fremu bado haijaguswa. Wafanyabiashara wengi hupenda mteja arudishe walau mara tatu ya gharama ya kumpata. Hapa hata mara mbili haijafika.

Ndiyo maana napendelea kila mteja mpya aulizwe siku ya kwanza, "Umetujuaje?", na jibu liandikwe pembeni ya namba yake. Katika mfano wetu, Instagram ilileta watu 20 kwa 9,500 kila mmoja, punguzo likiwemo. Vipeperushi vilileta 16 kwa 14,500. Ukiishia hapo utaacha vipeperushi. Lakini kumi wa Instagram hawakurudi, maana walikaa mbali na boda ilichelewa, ilhali wa vipeperushi, majirani wa mitaa ileile, waliopotea ni wawili tu.