Barua ya Mama Anayefanya Mtihani

Mwanamke mwenye watoto watatu anashona katika karakana ya nguo, na mwezi wa Novemba atafanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nyumbani mumewe amekubali kuwapeleka watoto shule. Kazini amemwambia msimamizi wake, naye akajibu, "Hakuna shida, mama, utakwenda." Je, hiyo ni ruhusa?

Siyo. Msimamizi anaweza kuhamishwa au kusahau. Hapa Tanzania, miongozo ya kazi ya mwaka 2007 inahesabu kukosa kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya kukubalika kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Masomo saba yanaweza kuchukua siku 6. Ndiyo maana mama huyu anahitaji karatasi.

Ajue pia anachokiomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja likizo ya mwaka ya siku 28, ya ugonjwa, ya uzazi na ya msiba, lakini haimpi mfanyakazi haki ya likizo ya mtihani yenye malipo. Isipokuwa mkataba wake au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanasema hivyo, anaomba hisani, hadai. Barua ya kudai humkasirisha mwajiri bure.

Aanze na ratiba ya Baraza la Mitihani. Mitihani ya asubuhi huanza saa 2:00, na ya mchana saa 8:00. Tuseme masomo yake saba yameangukia siku 6. Siku moja ina mitihani miwili, siku nne zina wa asubuhi tu, na moja ina wa mchana tu. Kituo kipo karibu na karakana. Basi anahitaji siku moja nzima na nusu siku tano, yaani siku 3 na nusu. Mwajiri aliyekuwa akiogopa wiki mbili za cherehani kukaa kimya sasa anaona jambo dogo. Lakini kama kituo kiko mbali, asiahidi kurudi saa 7:00 huku akijua basi halitamfikisha. Aombe siku nzima.

Kuna jambo linalowakwaza wengi wetu tulioolewa. Kazini ameandikwa kwa jina la mume, na kwenye usajili wa mtihani kwa jina la baba, kama lilivyo kwenye vyeti vyake vya shule. Mwajiri akisoma fomu hiyo atauliza huyu ni nani. Aeleze mapema, na aambatanishe nakala ya cheti cha ndoa. Barua yenyewe iwe hivi:

*YAH: MAOMBI YA RUHUSA YENYE MALIPO KWA AJILI YA MTIHANI*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mshonaji katika idara ya sare. Nimesajiliwa kufanya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba mwaka huu.*

*Naomba ruhusa yenye malipo ya siku moja nzima na nusu siku tano, kwa tarehe nilizozipigia mstari kwenye ratiba. Siku za mtihani wa asubuhi nitakuwa kazini kuanzia saa 7:00 mchana, na siku ya mtihani wa mchana nitafanya kazi hadi saa 6:00. Siku ile nzima, mwenzangu wa meza ya pili amekubali kushika kazi yangu.*

*Ikiwa ruhusa hiyo haitawezekana, naomba siku hizo zikatwe katika likizo yangu ya mwaka. Jina lililo kwenye usajili ni langu la kabla ya ndoa.*

*Naambatanisha nakala za fomu ya usajili yenye picha na namba yangu ya mtahiniwa, ratiba, na cheti cha ndoa. Naomba jibu kwa maandishi.*

Tazameni aya ile ya tatu. Likizo ya mwaka ina malipo, kwa hiyo hata akikataliwa ombi la kwanza mshahara wake haupungui; kinachopungua ni siku za kupumzika. Asipoandika hivyo, mwajiri anaweza kumpa ruhusa bila malipo, na ada za shule zikakosekana Januari.

Apeleke barua mara ratiba inapotoka, akiwa na nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, airudishe nyumbani. Asiambatanishe fomu halisi, maana ataihitaji akifuatilia jambo lolote kituoni. Zikipita siku kumi bila jibu, arudi na nakala ile yenye mhuri mkononi, aulize kwa upole barua imefika meza ya nani.